Nilipokuwa Mwezini na Tawafu Bado

(Haya ni maneno niliyowaambia kina mama kwenye darsa yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, wale wanaojiandaa kwenda haji. Wengi walikuwa hawakufika wakaniomba niandike, basi nimeandika karibu vile nilivosema.)

Asalaamu alaykum warahmatullah mama zangu, dada zangu, na nyinyi mabanati mlokaa huko nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele manake leo maneno ni yenu zaidi.

Mambo ya haji mshafundishwa na mashekhe, nguzo zake, wajibu zake, namna ya kuingia ihramu, mimi sikuja kurudia hayo. Nimekuja na jambo moja tu ambalo sisi huku kwetu hatulisemi hadharani, mtu akilipata huko humwambia mwenzake kwa kumnong'oneza sikioni, nalo ni hili, wewe umeshafika Makka, umeshasimama Arafa, na uko mwezini, na tawafu ya ifadha hujaifanya. Wafanyeje? Na moyo wako wakaaje siku zote hizo? Mie hili lilinipata, kwa hivo nitasema kama mtu alopitia.

Sisi tulianza Madina, tukavaa ihramu Dhul Hulaifa, pale wanapopaita Biir Ali, tukaingia Makka tukafanya umra yetu tukapunguza nywele tukatoka kwenye ihramu, alhamdulillah yote hayo niko twahara. Tarehe 8 ya Mfungo Tatu tukahirimia haji tukaenda Mina, na tarehe 9 tuko Arafa. Hesabu zangu zilikuwa zinaniambia bado nina siku kadhaa mbele, lakini mwili wa mwanamke kwenye safari, na joto lile, na kutolala, hauna hesabu. Jioni ya Arafa, baada ya Alasiri, saa ambayo kila mtu ameinua mikono analia, mimi nikahisi, nikaenda chooni, nikaona damu.

Nawaambia ukweli wa nilichohisi. Nilihisi kama mlango umefungwa usoni mwangu. Mamangu, Allah amrehemu, alikufa hajaiona Makka, alikuwa akiweka pesa za mahamri kwenye kopo mpaka maradhi yakazila zote, na mimi nilikuwa nimejiambia kwamba nitasimama Arafa nimuombee mpaka jua lizame, sasa nimesimama pale chooni najiuliza mdomo wangu huu bado una ruhusa ya kuomba?

Unayo. Na hili ndo la kwanza nataka mulishike. Kusimama Arafa hakuna sharti la twahara. Dua haina sharti la twahara, wala dhikri, wala talbiya, wala kumswalia Mtume. Kilichokatazwa ni swala, na tawafu, na kukaa msikitini, na kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi kusoma Qurani kwa nia ya kusoma, lakini ile "Rabbana aatina fiddunya hasana" ukiisema kwa nia ya dua hakuna atakayekuzuia. Dada mmoja wa Likoni tulokuwa hema moja ndo alonikumbusha, aliniona nimekaa chini kimya akaniuliza kuna nini, nikamwambia mwenzangu nimeingia mwezini, akaniambia, "Sasa umekaliani? Inuka uombe, jua hilo linashuka." Nikainuka. Nilimuombea mamangu mpaka sauti ikakauka, na sijawahi kuomba vile maishani mwangu, sijui kama ningekuwa na udhu wangu kamili ningeomba kwa uhitaji ule.

Halafu njiani kwenda Muzdalifa ndani ya basi nikawa namfikiria Bibi Aisha. Kisa chake mnakijua, lakini nataka mkisikie tena na masikio ya mtu aloko kwenye basi lile. Ilikuwa mwaka wa 10 wa Hijra, haji ya kuaga, wamefika mahali panaitwa Sarif karibu na Makka, Mtume rehma na amani zimshukie akaingia akamkuta analia. Akamuuliza umeingia mwezini? Akasema naam. Akamwambia, "Hili ni jambo Mwenyezi Mungu amewaandikia mabinti wa Adamu. Fanya anayoyafanya mwenye kuhiji, ila usitufu Nyumba mpaka utwahirike." Yaani hakumuuliza kwa nini unalia kwa kitu kidogo, na hakumwambia haji yako imeharibika. Na mimi nilikuwa nalisikia neno lile "fanya anayoyafanya mwenye kuhiji" kwenye darsa miaka na miaka, lakini usiku ule ndo lilinishika mkono likanipeleka. Nililala Muzdalifa na wenzangu, nikaokota mawe, tarehe 10 nikarusha saba Jamarati ya Aqaba, nikachinjiwa, nikapunguza nywele, nikarudi Mina nikarusha tarehe 11 na 12, yote niko vilevile.

Kilichobaki ni tawafu na saayi yake. Hapa pana jambo linawachanganya wengi, saayi yenyewe haina sharti la twahara, ukitufu kisha damu ikaja unaenda Safaa na Marwa unakamilisha. Lakini kwa Mashafi saayi lazima itanguliwe na tawafu, kwa hivo kama tawafu hujafanya huwezi kusema ngoja nitangulize saayi nipunguze kazi.

Na ukishapiga mawe na kupunguza nywele umetoka nusu. Utajipaka manukato, utakata kucha, utafanya karibu kila kitu, ila mume bado ni haramu kwako mpaka utufu. Hili mabanati mulosoma mlifahamu vizuri, manake kuna anayedhani akirudi nyumbani bila ile tawafu atatoa fidia yaishe. Hapana. Tawafu ya ifadha ni nguzo, kwa madhehebu yetu haina fidia inayoiziba, ukiiacha utabaki na deni hilo na mumeo haruhusiki kwako mpaka urudi Makka uifanye. Uzuri wake ni kwamba mwanzo wake ni usiku wa kuamkia tarehe 10 na mwisho wake hauna tarehe. Ukichelewa siku kumi, ukichelewa mwezi, ni sawa. Kinachokubana ni tiketi tu.

Basi tukarudi hotelini kwetu Azizia, wenzangu wote wakaenda Haram usiku wakarudi asubuhi miguu imefura nyuso zinang'ara, wanakumbatiana wanapeana mkono wa haji, na mimi nimebaki chumbani. Kwenye tivi ya hoteli kuna chaneli inaonyesha Kaaba moja kwa moja usiku na mchana. Nilikuwa nakaa kitandani naitazama. Ni kama kusimama langoni pale feri ya Likoni, meli iko mbele yako unaiona, watu wanapanda, na wewe umezuiliwa. Siku ya kwanza nililia, siku ya pili nikakasirika, na niliona haya kuwa nimekasirika, nikasema nakasirikia nini sasa, aliyenizuia ndo huyohuyo alonialika.

Hilo lilinikaa. Nilianza kuona kwamba ile miaka yote naswali ninapokuwa twahara ni amri yake, na kuacha swala ninapokuwa mwezini pia ni amri yake, ni yeye yuleyule. Mwenzangu anayetufu saa hii anatii, na mimi ninayekaa hapa kitandani nisitufu natii. Sijui kama mnanielewa. Hili nililijua kwa kichwa tangu niko darasa la madrasa, lakini Makka, ukiwa kilomita chache na Kaaba na miguu yako ni mizima na unakataa kwenda, hapo ndo linakuwa kitu unachokifanya, haliwi tena kitu unachokijua tu.

Sikukaa bure lakini. Chumbani mwetu mlikuwa na bibi mmoja mtu mzima, miguu yake ilikuwa imepasuka kwa kutembea, nikawa namuosha nampaka mafuta, namchemshia uji, nafua nguo za wenzangu. Na yule bibi ndo alikuwa akinihadithia tawafu yake, duara kwa duara, alipoona Hajarul Aswad kwa mbali alisema nini, alipofika Rukni Yamani nani alimshika mkono asianguke. Nilikuwa na hamu, lakini sikuwa na wivu tena.

Sasa nije kwa mambo ya kazi.

Mume wangu alipotufu alirudi akaniuliza, "Tawafu yako lini?" Ikabidi tukae tuhesabu. Damu iliingia jioni ya tarehe 9. Ada yangu ni siku sita mpaka saba. Kwa hivo nategemea twahara tarehe 15 au 16. Msafara wetu unatoka Makka kwenda Jedda tarehe 17 usiku. Ipo nafasi, lakini nyembamba, ikichelewa siku moja tu tumekwama. Na mimi nikibaki, mume wangu pia abaki, yeye ndo maharimu wangu, kwa hivo ni tiketi mbili, na mahali pa kulala watu wawili, na ruhusa ya kukaa. Mume wangu akaenda kwa kiongozi wa msafara siku ileile akamwambia. Mie niliona haya sana, kufikiria mwanamume wa watu anajua siku zangu. Lakini yule ami hata hakushangaa, alisema mashallah mmeniambia mapema, kuna wengine huniambia basi liko mlangoni na hapo sina la kuwafanyia. Akaanza kuuliza mambo ya tiketi hapohapo, ikitokea hivi tutafanya hivi. Kwa hivo dada zangu, siku ileile unapoona damu, hesabu, na umwambie mumeo, na yeye amwambie kiongozi. Haya zetu ziko mahali pake lakini si hapa.

Na viongozi wa misafara, najua mmoja wenu yuko hapo nje ananisikia, nakuomba ukumbuke kisa cha Bibi Safiyya. Aliingia mwezini wakati wanajiandaa kuondoka, Mtume akauliza, "Je, ametuzuia?" Akaambiwa ameshatufu ifadha, akasema basi na aondoke. Tawafu ya kuaga akasamehewa. Sisi tunakichukulia kisa hiki kwa ule msamaha, na ni kweli, mwenye hedhi halazimiki na tawafu ya kuaga. Lakini mimi nakitazama lile suali lake. Kama Safiyya angekuwa hajatufu, msafara ule wote wa Mtume ungesimama kumngoja mwanamke mmoja. Basi ratiba inayotoka Makka tarehe 13 au 14 na ndani yake mna wanawake wa umri wa kuona damu, mie naiona si ratiba ya haki.

Turudi kwa ile tarehe 15. Asubuhi nilijitazama, damu nyekundu hamna, kuna umanjano tu. Chumbani wakafurahi, mmoja akaniambia nenda ukakoge utufu, hiyo si damu, na nani atajua? Moyo wangu ulitaka sana, nawaambia, nilishaanza kutafuta taulo. Lakini nikakumbuka kwamba wanawake wa zamani walikuwa wakimpelekea Bibi Aisha pamba ndani ya kikebe, ina umanjano, wanamuuliza washaanza kuswali? Naye akiwaambia, "Msifanye haraka mpaka muone ute mweupe." Na kwa Mashafi, umanjano na rangi ya udongo ndani ya zile siku kumi na tano ambazo hedhi yawezekana, huhesabiwa hedhi. Basi nikarudisha taulo. Namna ya kujua ni hiyohiyo ya pamba, waingiza pamba safi, ikitoka nyeupe haina alama, au ukaona ute mweupe, ndo twahara. Mimi niliangalia tarehe 15 usiku bado, tarehe 16 adhuhuri bado kuna alama kidogo, tarehe 16 baada ya Alasiri ikatoka nyeupe. Nikangoja mpaka Magharibi nikaangalia tena, nyeupe. Nikakoga josho langu, nikaswali, tukashika basi la kwenda Haram.

Na je, kama isingekauka? Hapo ndo wanavyuoni wana maneno, na mimi nitayataja tu mjue kwamba yapo, fatwa mtachukua kwa shekhe mlo naye. Kuna damu inayokatika katikati, yaani siku moja inakauka kabisa kisha inarudi, na ndani ya madhehebu yetu kuna kauli inayohesabu ule ukavu wa katikati kuwa ni twahara, ijapokuwa ilotegemewa zaidi ni ile nyengine, na kuna mashekhe huwapa wanawake walobanwa na safari kauli hiyo, akoge, atufu wakati wa ukavu. Mahanafi wanasema akitufu na damu tawafu yasihi lakini amepata dhambi na achinje ngamia. Ibnu Taymiyya naye alisema aliyedharurika kabisa, hawezi kubaki wala hawezi kurudi, ajifunge vizuri atufu na hana kitu juu yake. Hayo ni ya dharura, dada zangu. Usiende nayo kutoka Mombasa yakiwa ndo mpango wako, na usiyachukue kwenye kundi la watsapu saa nane za usiku ukiwa na hofu.

La mwisho ni vidonge, manake najua ndo munachongoja. Kuvitumia kuchelewesha hedhi inafaa kisharia ikiwa havikudhuru. Vinavyopewa watu wengi ni noretisteroni, miligramu 5, mara tatu kwa siku, na huanzwa siku tatu kabla ya tarehe unayotegemea damu. Ukiacha kumeza, damu huja baada ya siku mbili tatu hivi. Kwa hivo usiache mpaka umeshatufu ifadha. Shida ninayoiona ni watu kuvianza wakati wameshachelewa. Dada mmoja tulokuwa naye alivipata kwa mwenzake tuko Makka tayari, akaanza kumeza damu ishaanza kuonekana, na akimeza leo anasahau kesho, ikawa inatoka matone, inakauka, inatoka tena, mpaka hakujua tena yuko twahara au hayuko. Alihangaika kuliko mimi nisomeza kitu. Matone namna hiyo kwa Mashafi yana hesabu yake, ikiwa yakijumlishwa yote hayafiki mchana mmoja na usiku wake basi hayo si hedhi, lakini nani ana raha ya kukaa Makka anapiga hesabu za matone?

Kwa hivo nenda kwa daktari miezi kabla, umueleze tarehe zako na tarehe za haji, na ujaribu dawa hiyo mwezi mmoja ukiwa hapa nyumbani uone mwili wako unaipokeaje. Na umwambie kila kitu, hasa kama wewe au mtu wa kwenu amewahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye pafu, au kama una maradhi ya ini, kwa sababu dawa hizi si za kila mtu, na hiyo safari yenyewe ni ya kukaa kwenye ndege saa nyingi. Usichukue kidonge cha mwenzako hata kama ni ndugu yako wa damu.

Tawafu yangu niliifanya usiku ule wa kuamkia tarehe 17. Nilipofika na kuiona Kaaba nilisahau dua zote nilizoandika kwenye daftari. Nikawa natufu nalitaja jina la mamangu tu, duara la kwanza mpaka la saba, ya Rabbi fulani binti fulani, mja wako, msamehe. Kisha rakaa mbili, zamzam, saayi. Mume wangu alikuwa nyuma yangu njia yote. Tulipomaliza Marwa ilikuwa karibu na Alfajiri, akaniuliza umechoka? Nikamwambia la, na ilikuwa kweli. Jioni yake tukarudi kwa tawafu ya kuaga, tukaondoka.

Haya, kuna dada pale nyuma aliniandikia suali lake kuhusu kutia nia ya umra ukiwa tayari mwezini pale mikati, nalo tulizungumze kabla ya adhana. Soma dada, soma kwa sauti wenzako wasikie.